Mwinamo wa kisu ndio unaoamua: jinsi koni moja inavyozaa duara, duaradufu, parabola na haipabola

KONI moja ikikatwa kwa kisu kilichonyooka, ukingo wa mkato huo huwa ni mmoja kati ya mistari minne iliyopinda: duara, duaradufu, parabola au haipabola. Iwapo kisu hakipiti kwenye ncha ya koni, hakuna umbo la tano linaloweza kutokea. Kinachoamua ni lipi kati ya hayo manne litajitokeza si ukubwa wa koni, wala mahali kisu kilipoingilia. Ni mwinamo wa kisu ukilinganishwa na mwinamo wa ubavu wa koni yenyewe.

Neno "kulinganishwa" ndilo linalosahaulika mara nyingi. Wengi hukariri kwamba mkato wa kulala hutoa duara, wa kuinama kidogo hutoa duaradufu, na wa kusimama hutoa haipabola, wakabaki hawajui mpaka uko wapi. Mpaka huo haupo kwenye kisu, upo kwenye koni. Kisu kilichoinama nyuzi 40 kitatoa duaradufu katika koni iliyochongoka, na kisu hicho hicho, kwa mwinamo huo huo, kitatoa haipabola katika koni iliyo bapa kama kofia pana ya ukili.

Kipimo ni ubavu wa koni

Ichukuliwe koni iliyosimama juu ya kitako chake, ncha ikiwa juu, mfano wa kawa la kufunikia chakula au paa la nyumba ya msonge. Ubavu wake unapanda kutoka kwenye kitako hadi kwenye ncha kwa mwinamo ule ule pande zote. Mwinamo huo, ukipimwa kutoka kwenye kitako, ndio kipimo cha kila kitu kinachofuata.

Sasa lije bapa la kukata, yaani uso ulionyooka kama kioo cha dirisha, usio na mwisho. Bapa likilala sambamba na kitako, mkato wake ni duara. Likianza kuinama, duara linanyooshwa upande mmoja na kuwa duaradufu. Maadamu mwinamo wa bapa ni mdogo kuliko mwinamo wa ubavu, bapa litaingia upande mmoja wa koni na kutokea upande wa pili, na mstari wa mkato utajifunga wenyewe.

Bapa likizidi kuinama, inafika hatua ambapo mwinamo wake unalingana sawasawa na wa ubavu. Hapo bapa linakuwa sambamba na ubavu wa upande wa pili, na kwa kuwa vitu viwili vilivyo sambamba havikutani, mkato haujifungi tena. Hata koni ikirefushwa kwenda chini bila kikomo, mstari huo utabaki wazi. Hiyo ndiyo parabola, na mwinamo unaoizaa ni mmoja tu. Ukipungua hata kwa sehemu ndogo ya nyuzi, umbo ni duaradufu ndefu sana. Ukizidi kwa kiasi hicho hicho, umbo ni haipabola.

Bapa lililosimama zaidi ya ubavu hutoa haipabola. Ili kuiona yote ni lazima kufikiria koni mbili zilizogusana kwa ncha, moja ikitazama chini na nyingine ikitazama juu, kama saa ya mchanga. Bapa lenye mwinamo mkali hukata koni ya chini na pia koni ya juu, na hivyo haipabola huwa na matawi mawili yaliyotengana. Duaradufu na parabola hukaa ndani ya koni moja tu.

Aliyeona kwamba koni moja inatosha

Wagiriki wa kale walianza na njia nyingine. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Menaikmo anatajwa kuwa wa kwanza kuichunguza mistari hii. Katika njia hiyo ya awali bapa lilishikiliwa katika hali moja, likikata ubavu kwa pembe mraba, na koni ndiyo iliyobadilishwa. Koni iliyochongoka ilitoa duaradufu, koni ambayo pembe ya ncha yake ni mraba ilitoa parabola, na koni iliyo pana zaidi ilitoa haipabola.

Mnamo mwaka 200 kabla ya Kristo au karibu na hapo, Apolonio wa Perga aligeuza utaratibu huo. Alionyesha kwamba koni moja yoyote, ikikatwa kwa miinamo tofauti, inazaa mistari yote. Ndiye aliyeipa majina inayoitwa hadi leo katika lugha nyingi, na katika Kigiriki majina hayo yana maana ya kupungua, kulingana na kuzidi. Yeye alikuwa akilinganisha maeneo ya mistatili na si miinamo, lakini mpangilio ni ule ule: mwinamo wa bapa hupungua, hulingana au huzidi ule wa ubavu.

Kazi yake kuhusu mikato ya koni ilikuwa na vitabu vinane. Vinne vya kwanza vimebaki katika Kigiriki, vitatu vilivyofuata vilihifadhiwa katika tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa katika karne ya tisa, na cha nane kimepotea.

Mfano wa koni ya sentimita 12

Ichukuliwe koni yenye kimo cha sentimita 12 na kitako chenye kipenyo cha sentimita 10. Kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni ni sentimita 5, hivyo ubavu una urefu wa sentimita 13. Anayepanda ubavuni kwa sentimita 13 anapata kimo cha sentimita 12, na mwinamo huo ni takriban nyuzi 67.4.

Bapa la kukata liwe na mwinamo wa kawaida zaidi: kwa kila sentimita 4 za kwenda mbele kwa usawa, linashuka sentimita 3. Huo ni mwinamo wa takriban nyuzi 37. Kwa kuwa 37 ni ndogo kuliko 67.4, hakuna shaka kwamba mkato ni duaradufu.

Hesabu ndogo inaeleza zaidi, kwani inaonyesha duaradufu hiyo imenyooshwa kiasi gani. Juu ya bapa, mwendo wa sentimita 5 hubadilisha kimo kwa sentimita 3, yaani 0.6 kwa kila sentimita. Juu ya ubavu, ni 12 kwa 13, yaani takriban 0.92. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili inapatikana 0.65. Namba hiyo ndiyo kitambulisho cha mkato. Ikiwa sifuri, umbo ni duara. Ikiwa kati ya sifuri na moja, ni duaradufu. Ikiwa moja kamili, ni parabola. Ikizidi moja, ni haipabola.

Namba hiyo inafichua pia kikomo cha koni yenyewe. Bapa haliwezi kusimama zaidi ya wima, ambapo kila sentimita ya mwendo ni sentimita nzima ya kimo. Kwa hiyo namba kubwa kabisa ambayo koni hii inaweza kutoa ni 13 kwa 12, yaani takriban 1.08. Anayetaka haipabola iliyofunguka zaidi hawezi kuipata hapa kwa kuinamisha kisu. Ni lazima atafute koni pana zaidi.

Yai la Dürer

Katika mkato huo wa duaradufu limo kosa maarufu. Mwaka 1525 msanii wa Ujerumani, Albrecht Dürer, alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha upimaji kwa ajili ya wachoraji na mafundi. Humo alionyesha jinsi ya kuchora mkato wa koni nukta kwa nukta, na njia aliyoitumia ilikuwa sahihi. Hata hivyo, mchoro wake wa duaradufu ulitoka mpana upande wa chini na mwembamba upande wa juu, naye akauita mstari wa yai.

Ni rahisi kuona kwa nini. Koni hutanuka kadiri inavyoshuka, na hivyo inaonekana ni haki kwamba sehemu ya mkato iliyo chini iwe pana kuliko iliyo juu. Wasomaji wengi wanaofikiri juu ya jambo hili kwa mara ya kwanza hufikia hitimisho hilo hilo. Lakini duaradufu halisi hailingani na yai: ncha zake mbili ni sawa kabisa.

Koni ya sentimita 12 inaweza kuamua shauri hili. Bapa letu likipita kwenye mhimili wa koni katikati ya kimo chake, yaani sentimita 6 chini ya ncha, mkato wote unakuwa na urefu wa takriban sentimita 6.9 na upana wa takriban sentimita 5.3. Upimwe upana wake sentimita 1 kutoka mwisho wa juu, kisha sentimita 1 kutoka mwisho wa chini.

Upande wa chini, koni mahali hapo ina nusu kipenyo cha takriban sentimita 3.39. Lakini mkato unapita mbali na mhimili, kwa umbali wa sentimita 2.84, kwa hiyo unakata duara la koni karibu na ukingo wake, palipo pembamba. Upande wa juu, koni ina nusu kipenyo cha sentimita 2.16 tu, lakini mkato unapita sentimita 1.10 kutoka kwenye mhimili, karibu zaidi na katikati palipo papana. Hesabu za pande zote mbili zinatoa upana ule ule: sentimita 3.7.

Kinachotokea ni kwamba mhimili wa koni haupiti katikati ya duaradufu. Kwenye mfano huu, umepita sentimita 2.4 kutoka mwisho wa juu na sentimita 4.5 kutoka mwisho wa chini. Anayeuchukulia mhimili kuwa ndio kitovu ndiye anayeliona yai. Koni hutanuka, ni kweli, lakini mkato nao husogea mbali na mhimili kwa kiasi kinachofidia utanukaji huo sawasawa.

Macho yanavyodanganya

Kosa la pili hutokana na koni kuwa na mwisho. Bapa lile lile la nyuzi 37, likishushwa ili lipite kwenye mhimili sentimita 9 chini ya ncha badala ya 6, lingepaswa kutokea upande wa pili kwenye kina cha takriban sentimita 13. Koni imeishia kwenye 12. Bapa linatokea kwenye kitako, na kipande kinachobaki mkononi kina mstari uliopinda ulio wazi upande mmoja. Anayekitazama atasema ni parabola. Si kweli: ni duaradufu iliyokatwa mkia, kwani mwinamo haujabadilika. Umbo hutambuliwa kwa mwinamo, si kwa kuonekana limefunga au limefunguka.

Kosa la tatu linaonekana ukutani. Taa ya mezani yenye kifuniko cha duara kilicho wazi juu humwaga mwanga wenye umbo la koni, ambayo mhimili wake umesimama wima. Taa hiyo ikikaa karibu na ukuta, mwanga huchora mstari uliopinda ambao mara nyingi huitwa parabola. Lakini ukuta nao umesimama wima, sambamba na mhimili, na mwinamo wa wima unazidi ule wa ubavu wa koni yoyote. Kwa hiyo mstari huo ni haipabola, na ukiwa kifuniko kiko wazi chini pia, mwanga wa chini huchora mstari wa pili unaotazama upande mwingine.

Ipo njia ya kutofautisha hata bila kujua mwinamo. Mikono ya haipabola, kadiri inavyokwenda mbali, hunyooka na kuzikaribia njia mbili zilizonyooka zinazoachana kwa pembe maalumu. Mikono ya parabola haina njia kama hizo. Huendelea kupinda polepole, ikielekea kuwa sambamba, ingawa hupanuka daima. Anayetaka parabola kutoka kwenye taa hana budi kuinamisha taa yenyewe hadi ukingo mmoja wa mwanga uwe sambamba na ukuta.

Kivuli cha kijiti Dar es Salaam

Koni kubwa kuliko zote ambazo mtu anaweza kuzishuhudia zikikatwa haihitaji kisu. Kwa siku nzima jua huonekana likizunguka mhimili wa dunia. Miali inayopita kwenye ncha ya kijiti kilichosimikwa ardhini huchora koni ambayo ncha yake ni ncha ya kijiti, na mhimili wake ni sambamba na mhimili wa dunia. Ardhi iliyosawazishwa ndiyo bapa. Njia inayopitwa na ncha ya kivuli tangu asubuhi hadi jioni ndiyo mkato.

Kanuni ni ile ile. Karibu na tarehe 21 Juni, jua linapokuwa mbali kabisa kaskazini mwa ikweta, ubavu wa koni hiyo una mwinamo wa nyuzi 23.4 tu, ukipimwa kutoka kwenye duara lililo mraba na mhimili. Mwinamo wa ardhi, ukipimwa kutoka kwenye duara hilo hilo, ni nyuzi 90 ukiondoa latitudo ya mahali. Dar es Salaam iko kwenye latitudo ya takriban nyuzi 6.8 kusini, hivyo mwinamo wa ardhi yake ni nyuzi 83.2. Hiyo inazidi 23.4 kwa mbali, na kivuli huchora haipabola, ambayo kitambulisho chake ni takriban 2.5. London, kwenye latitudo ya nyuzi 51.5, mwinamo ni 38.5 na umbo bado ni haipabola.

Katika mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kwenye latitudo ya takriban nyuzi 69.6, mwinamo wa ardhi ni nyuzi 20.4. Sasa ni mdogo kuliko 23.4, na ncha ya kivuli huchora duaradufu iliyojifunga kwa saa 24. Maana yake inaeleweka kwa yeyote: siku hiyo jua halitui huko. Mahali ambapo jua linazama, kivuli hurefuka bila kikomo na mstari unabaki wazi. Kati ya hali hizo mbili kuna latitudo moja tu inayotoa parabola, ambayo ni nyuzi 66.6, mahali jua linapogusa upeo wa macho mara moja na kupanda tena. Ni mstari ule ule ambao ramani huuita Duara la Aktiki.

Anayeishi Dar es Salaam anaweza kulihakiki jambo hili kwa kijiti cha mita 1 kilichosimikwa wima kwenye uwanja uliosawazishwa, akiweka alama kwenye ncha ya kivuli kila nusu saa. Mwishoni mwa Juni, kivuli cha adhuhuri kitaangukia kusini kwa takriban sentimita 58, na alama zote zitaunda tao ambalo mikono yake inaelekea kusini. Karibu na tarehe 21 Desemba, kivuli cha adhuhuri kitaangukia kaskazini kwa takriban sentimita 30, na tao litaelekea kaskazini. Katika siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, koni hufunguka hadi kuwa bapa, na alama hupangika katika mstari ulionyooka, takriban sentimita 12 kusini mwa kijiti.

Vipimo hivyo si kamili kabisa, kwa kuwa jua husogea kidogo kuelekea kaskazini au kusini hata ndani ya siku moja, na hewa hupinda miali inapokaribia upeo wa macho. Alama za asubuhi sana na jioni sana ndizo zitakazopotoka zaidi, na ndizo ngumu kuziweka kwa kuwa kivuli kirefu huwa hafifu.

Tao la Juni na tao la Desemba, yakichorwa kwenye uwanja mmoja, yanatazamana yakipeana migongo, kijiti kikiwa katikati yao. Hizo si haipabola mbili. Koni ya Juni na koni ya Desemba zimegusana kwenye ncha ya kijiti, moja ikitazama kaskazini na nyingine kusini, na ardhi imezikata zote kwa bapa moja. Matao hayo ni matawi mawili ya haipabola moja, lile tawi la pili ambalo kisu na koni ya mezani haviwezi kulionyesha.